Nukta iliyokosea njia kabla ya Ijumaa

Nina tabia ya kuongea peke yangu nikitoka kikaoni. Nabonyeza maikrofoni ya kibodi, nasema yote yaliyomo kichwani, simu inaandika. Kinachotoka ni mkufu wa maneno usio na nukta wala mkato. Hiki ni kipande cha siku tulipokuwa tunaandaa mafunzo:

> nimeongea na meneja wa ukumbi amesema nafasi ipo ila si jumanne jumatano projekta hawana kwa hiyo tukodi ah hapana tuazime kwa mhasibu halafu barua za mwaliko bado katibu aziandike kabla ya ijumaa nizipitie mimi kwanza tungeweza kuchapa vitini lakini basi tunaanza saa 4 akishindwa anipigie

Nilikisafisha mbiombio, nikaweka nukta baada ya "ijumaa". Katibu akaelewa ana muda hadi Alhamisi, na Alhamisi jioni ndipo barua ziliponifikia. Nilichokuwa nimekisema ni "Katibu aziandike. Kabla ya Ijumaa nizipitie mimi kwanza." Sikupata muda wa kuzipitia, zikatoka na tarehe isiyo sahihi. Nilipotaka kurudi kusikiliza nilipumua wapi, hapakuwa na cha kusikiliza: kibodi iliniachia maandishi tu, sauti haikuihifadhi. Siku hizi narekodi ujumbe wa sauti kwanza, ndipo naugeuza kuwa maandishi, na sauti siifuti mpaka kazi iishe.

Kusafisha kwenyewe naanza kwa kukata mistari tu. Sirekebishi neno hata moja. Nanakili maandishi yote pembeni, kisha kila linapoanza jambo jipya nashuka mstari. Kiswahili kinasaidia sana hapa, maana kitenzi kinabeba mtendaji wake: kutoka "amesema" kwenda "hawana" kwenda "tukodi", mtendaji amebadilika, basi huenda sentensi nayo imebadilika. "Halafu" na "kwa hiyo" mara nyingi ni mipaka. Shida ni vipande kama "kabla ya ijumaa", vinavyoweza kushika mkono wa kushoto au wa kulia. Hivyo naviwekea alama ya kuuliza, narudi kwenye sauti.

Kisha naondoa kujisahihisha. "Tukodi ah hapana tuazime" inabaki "tuazime". "Si jumanne jumatano" inakuwa "si Jumanne, ni Jumatano". Hiyo "ni" naiongeza kwa makusudi, kwa sababu mkato peke yake msomaji mwenye haraka anauruka.

Saa nayo ina mtego wake. Nilisema saa nne, simu ikaandika 4, na anayeingiza kwenye kalenda ya simu ataweka 4:00, ambayo ni saa kumi yetu. Mimi naandika zote mbili: saa nne asubuhi, 10:00.

Baada ya hapo ndipo aya. Sifuati mpangilio niliozungumza, kwa kuwa mdomo hurukaruka. Ya ukumbi nayakusanya pamoja, ya barua pamoja:

> Meneja wa ukumbi amesema nafasi ipo, si Jumanne, ni Jumatano. Tunaanza saa nne asubuhi (10:00). Hawana projekta, kwa hiyo tutaazima kwa mhasibu.
>
> Barua za mwaliko bado. Katibu aziandike, nami nizipitie kabla ya Ijumaa. Vitini hatuchapi.

Orodha ya kazi naichota kwenye vitenzi. Vinavyoishia na "e" kwa maana ya kuagiza, kama aziandike, nizipitie, anipigie, karibu vyote ni kazi. "Tukodi" haina hiyo "e" kwa kuwa asili yake ni "kodi", neno la mkopo, kwa hiyo usitegemee macho tu. "Amesema" ni taarifa. "Tungeweza" ni ndoto iliyopita. Ukiiingiza kwenye orodha, mtu atachapa vitini ambavyo hakuna aliyevitaka.

- Kuazima projekta kwa mhasibu. Nani? Lini?
- Katibu: kuandika barua za mwaliko na kunikabidhi Jumatano.
- Mimi: kuzipitia na kuzirudisha Alhamisi.
- "Akishindwa anipigie": nani?

Alama za kuuliza naziacha zionekane. "Tuazime" haimtaji mtu, na kazi ya "sisi" kwa kawaida huwa haina mwenyewe. "Akishindwa" anaweza kuwa meneja, mhasibu au katibu, na kubahatisha ndiko kulikoniponza mara ya kwanza. Jumatano na Alhamisi za barua pia sikuzisema. Nimezihesabu kwa kurudi nyuma kutoka Ijumaa, kwa hiyo kabla ya kutuma orodha nampigia katibu kumuuliza kama siku hizo anaziweza.