Mjusi kafiri jikoni: hamisha taa kwanza

Nyumba nyingi za Kigoma, ukiwasha taa saa moja jioni, haipiti nusu saa mjusi kafiri anatokeza nyuma ya saa ya ukutani. Hana sumu, na habari kwamba akipita kwenye chungu mboga inageuka sumu haina ukweli. Tatizo lake ni kinyesi. Kinaweza kuwa na bakteria wa salmonela, ambao huleta homa, tumbo kusokota na kuharisha, na hao hawaonekani kwa macho.

Faida anayo. Anakula nondo, mende wadogo, nyenje, buibui, na msimu wa kumbikumbi anashiba mpaka anatembea kwa shida. Mbu pia anawala, lakini usimtegemee kwa malaria. Yeye anawinda kwenye mwanga, ilhali mbu wa malaria anakufuata kitandani gizani. Chandarua kibaki pale pale.

Kwa hiyo sebuleni mwache. Jikoni ndiko kwa kushughulikia, na kabla ya kununua dawa yoyote, jua kwanza kinyesi kinaangukia wapi. Usiku tandaza karatasi nyeupe juu ya meza, rafu na sakafu chini ya ukuta, uziache usiku mbili. Kinyesi cha mjusi ni kipande cheusi au cha kahawia chenye ncha nyeupe upande mmoja. Cha panya hakina hiyo nyeupe. Ukikosea hapa utahangaika na mnyama asiyehusika.

Chukua jiko la kawaida la pale mtaa wa Mwanga, Kigoma: taa ndefu imefungwa ukutani, chini yake meza ya sufuria, na pembeni gunia la dagaa limeegemea ukuta. Karatasi karibu zote zitachafuka kwenye meza hiyo, na zile za upande wa mlango zitabaki safi. Sababu ni kwamba taa inavuta wadudu, wadudu wanamvuta mjusi, naye anajisaidia hapo hapo anapowindia. Aliyefunga taa juu ya meza alitaka mpishi aone vizuri, na hakukosea, ila mjusi naye amepata meza yake.

Dawa yake ni kuhamishia taa ukuta wa mlangoni, au kama waya hauruhusu, kuhamisha meza. Weka balbu ya mwanga wa njano badala ya ule mweupe mkali, maana huvuta wadudu wachache zaidi, na uizime mkimaliza kula. Taa ya nje nayo isiwe juu kabisa ya dirisha la jiko.

Gunia la dagaa livute litoke ukutani kama shibiri mbili, juu ya mbao. Afadhali zaidi ni ndoo yenye mfuniko wa kubana, lakini dagaa wawe wamekauka kweli: ukimkunja avunjike. Akipinda tu bila kuvunjika, bado ana maji, na ukimfunikia ndani ya ndoo ataota ukungu. Hapo utakuwa umekimbia mjusi ukapoteza dagaa. Unga wa muhogo vilevile, ndoo na mfuniko. Sahani na vikombe vilale kifudifudi, chakula kilichopikwa kifunikwe kwa kawa au sahani, na pipa la maji lisikae wazi.

Kuziba nyumba nzima ni kazi isiyoisha, kwa sababu upenyo wa unene wa penseli unamtosha. Ziba pale bati linapokalia ukuta juu ya jiko, kisha weka wavu dirishani. Nyuma ya kabati utakuta mayai mawili meupe, ya mviringo, yenye ganda gumu. Yatoe nje.

Usimpige kwa fagio akiwa juu ya sufuria. Ataachia mkia, na mkia huo utaangukia chini ukirukaruka peke yake, pengine ndani ya mchuzi. Zima taa ya ndani, washa ya nje, fungua mlango, umsukume taratibu. Dawa ya kupuliza nayo inakuachia mjusi anayekufa na kudondoka popote, na vidonge vya nafthalini, vile vinavyowekwa kwenye nguo kufukuza wadudu, havifai kabisa karibu na chakula.

Kinyesi kikavu usikifagie, kitatimka vumbi. Kiloweshe, kifute, osha meza kwa sabuni. Kisha changanya vijiko viwili vya mezani vya dawa ya klorini ya nguo nyeupe, ile ya asilimia 3.5, katika lita moja ya maji. Paka, acha dakika kumi, suuza. Kikiangukia wali au mchuzi uliokwisha kupikwa, mwaga. Kikiangukia mchele mkavu au dagaa, toa konzi nzima ya mahali pale, osha vilivyobaki na uvipike mpaka vichemke sawasawa.