Maswali na majibu: 1000 IU zimekwenda wapi kwenye chupa ya vitamini D?

Dada mfamasia, chupa yangu ya vitamini D iliyoisha ilikuwa imeandikwa 1000 IU. Mdogo wangu anayeishi Minnesota kaniletea nyingine, kampuni ile ile, rangi ile ile, ila hii imeandikwa 25 mcg. Wamepunguza dawa? (Msomaji, Tanga)

Hawajapunguza hata chembe. Mikrogramu 1 ya vitamini D ni sawa na IU 40, kwa hiyo 1000 ukigawa kwa 40 unapata 25. Mimi nikiwa dirishani bila kikokotoo hukata sifuri moja kisha nagawa kwa nne: 1000 inakuwa 100, robo yake 25. Kwa njia hiyo 400 inakuwa 10, 2000 inakuwa 50, na 5000 inakuwa 125. Ukitaka kurudi nyuma, zidisha kwa nne kisha rudisha sifuri yako.

IU si uzito. Ni kipimo cha nguvu ya dawa mwilini, na kilianza kutumika mwaka 1931, wakati hakuna aliyeweza kuipima vitamini yenyewe kwenye mizani. Walichokuwa wakifanya ni kuwalisha panya wenye matege na kuangalia mifupa inavyopona. Vitamini D3 safi ilipopatikana, mwaka 1949 kipimo kikafungwa kwenye uzito: IU 1 ni mikrogramu 0.025. Tangu hapo IU ni kama jina la utani la uzito ambao tayari unajulikana.

Marekani waliamua lebo za virutubisho zitaje uzito. Kampuni kubwa zilitakiwa kutimiza hilo kufikia Januari 2020, ndogo zikaongezewa mwaka mmoja. IU inaruhusiwa kubaki kwenye mabano, na kampuni nyingi zimeiacha hapo, lakini si zote.

Tazama pia asilimia iliyo pembeni. Kwenye chupa ya zamani, 1000 IU iliandikwa 250%. Kwenye mpya, 25 mcg imeandikwa 125%. Hapo ndipo watu huapa kwamba dawa imekatwa nusu. Kilichobadilika ni kiwango cha siku kinacholinganishwa nacho: zamani kilikuwa 400 IU, sasa ni 20 mcg, yaani 800 IU. Kidonge ni kile kile, kimesimamishwa kando ya mtu mrefu zaidi.

Ya kwangu nimenunua Leicester, nayo ni 25 µg, ila pembeni pameandikwa 500%. Shangazi yangu ana ya Marekani ya 25 mcg na ni 125%. Yangu ni kali mara nne? (Msomaji, Uingereza)

Ni sawa kabisa; µg na mcg zote ni mikrogramu. Lebo za Uingereza na Ulaya hulinganisha na kiwango chao cha siku kiitwacho NRV, ambacho kwa vitamini D ni mikrogramu 5. Tano ndani ya ishirini na tano ni mara tano, ndiyo hiyo 500%. Usilinganishe chupa mbili za nchi tofauti kwa asilimia. Linganisha mikrogramu kwa mikrogramu.

Asilimia ina kazi moja nzuri lakini: inakusaidia kukagua lebo yenyewe. Ukiona tangazo la duka la mtandaoni linasema "25 mg" na asilimia ya Marekani ni 125, piga hesabu: 125% ya 20 mcg ni 25 mcg. Basi aliyechapa tangazo kakosea, kwa maana 25 mg ingekuwa IU milioni moja. Kosa hilo huzaliwa na ile herufi µ. Anayenakili haijui, au kompyuta yake haina, anaandika m peke yake, na kitu kinaongezeka mara elfu kwenye karatasi.

Daktari kaniandikia kapsuli za vitamini D, kichupa kinasema 1.25 mg. Nyumbani nilikuwa natumia za 50 mcg. Naona hizi mpya ni ndogo mno, je, nimeze pamoja na zile za zamani kila siku? (Msomaji, Ohio)

Subiri kaka, usimeze chochote cha ziada kwanza. Hapa herufi ndogo imebadilika na wewe umeangalia tarakimu tu. Hiyo ni mg, miligramu, na miligramu 1 ina mikrogramu 1,000. Kwa hiyo 1.25 mg ni mikrogramu 1,250. Zidisha kwa 40, unapata 50,000 IU. Kidonge chako cha zamani cha 50 mcg ni 2,000 IU. Kapsuli moja mpya ni sawa na vidonge ishirini na tano vya zamani.

Kapsuli ya nguvu hiyo kwa kawaida huandikwa imezwe mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa tu. Isome karatasi ya maelekezo neno kwa neno, utafute "once weekly" au "every 7 days". Kama ni ya wiki, gawa kwa saba: 1,250 kwa siku saba ni kama mikrogramu 179 kwa siku. Bado iko juu ya mikrogramu 100, ambayo Marekani huihesabu kuwa kikomo cha mtu mzima anayejinunulia mwenyewe kila siku. Ndiyo maana hii hutolewa kwa cheti, kwa muda, na kwa kufuatiliwa.

Nimewahi kumpokea mzee aliyekuwa akimeza kapsuli ya wiki kila asubuhi, kwa sababu aliyemfungia dawa, mahali pengine, aliandika "1 x 1" kwenye bahasha. Alikuja kununua dawa ya kulainisha choo. Nilipomuuliza zaidi, alikuwa na kiu isiyoisha, anaamka usiku mara nne kukojoa, na chakula kinamkinai. Hizo ndizo dalili zake: vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ikipanda figo ndizo zinazoumia. Tulimpeleka kupimwa damu siku ile ile. Tena vitamini hii hukaa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo ukiacha leo haishuki kesho.

Kuhusu zile za 50 mcg, muulize aliyekuandikia kama uziache hadi dozi ya wiki iishe. Mpelekee chupa zote mbili azione.

Mwanangu ana miezi mitatu. Matone ya kwanza ya vitamini D tulipewa 10 mcg na kibomba chake. Yameisha, dada yangu katuma mengine, nayo ni 10 mcg. Nimeendelea kujaza kibomba kama kawaida. Ni sawa, au sivyo? (Mama Salma, Nairobi)

Mama Salma, kabla hujampa tena, chukua chupa zote mbili uziweke mezani. Usitazame 10 mcg, kwa sababu hiyo inafanana. Tazama mstari wa juu yake, ulioandikwa "Serving size". Ndio unaokuambia hiyo 10 mcg imo ndani ya nini.

Yapo matone ambayo 10 mcg (400 IU) imeyeyushwa ndani ya mililita 1. Hayo ndiyo unayojaza kibomba hadi kwenye mstari. Na yapo mengine, mara nyingi kichupa kidogo chenye mafuta, ambayo 10 mcg yote imo ndani ya tone moja. Mstari utasema "1 drop". Kuna mama wanaodondosha tone hilo kwenye chuchu mtoto akiwa ananyonya, basi.

Sasa tuchukulie chupa mpya ni ya tone moja na wewe umejaza kibomba cha zamani cha mililita 1. Ukubwa wa matone hutofautiana, lakini tuseme mililita inabeba matone 30. Hapo ni 30 mara 10 mcg, yaani mikrogramu 300, au 12,000 IU kwa mara moja. Kikomo cha Marekani kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni mikrogramu 25 kwa siku. Umekipita mara kumi na mbili, na kila namba kwenye chupa ilikuwa sahihi. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa tahadhari kwa sababu ya vibomba vya namna hii, ikataka cha mtoto mchanga kisiweze kubeba zaidi ya 400 IU.

Kama umekuta ni hivyo, acha matone leo na umpigie daktari wa mtoto. Mwambie siku ngapi na kiasi gani kila siku, na uende na chupa pamoja na kibomba ulichotumia. Huenda akataka kupima kalsiamu kwenye damu. Kama mtoto anatapika, anakataa kunyonya, amelegea, hapati choo, au nepi zinalowa kupita kawaida, usisubiri miadi, mpeleke hospitali. Kama chupa mpya nayo ni ya mililita 1, basi ulikuwa sawa. Hata hivyo kibomba cha chupa iliyoisha kitupe. Kila chupa na kibomba chake.

Natumia mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A na D, zote kwa IU. Naweza kugawa zote kwa 40? Na D naona ni kidogo, niongeze vijiko? (Msomaji, Unguja)

Arobaini ni ya D peke yake. Kila vitamini ina IU yake. Kwa vitamini A ya namna inayopatikana kwenye ini la samaki, IU 1 ni mikrogramu 0.3. Tuseme kijiko chako kina A 4,000 IU na D 400 IU: hiyo ni mikrogramu 1,200 za A na mikrogramu 10 za D.

Ukinywa vijiko vitatu ili D ifike 30, A inafika 3,600, nawe umepita kikomo cha mtu mzima ambacho ni 3,000. Kwa mjamzito vitamini A ya namna hii ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukihitaji D zaidi, nunua D peke yake.

Majibu ya damu yangu yanasema vitamini D 50 nmol/L. Nikigawa kwa 40 napata 1.25. Nimekwisha? (Msomaji, Maskati)

Hujaisha, umegawa kisichogawika. Arobaini ni ya dawa iliyo ndani ya kidonge. Damu ina hesabu nyingine: nmol/L unagawa kwa 2.5 kupata ng/mL. Hamsini yako ni 20 ng/mL. Kama majibu ya mwaka jana yalitoka maabara nyingine yakasema 20, angalia kipimo kilichoandikwa mbele ya namba; ikiwa ni ng/mL, vitamini D yako haijapanda wala kushuka.