Baza ya mlango haikomi: saketi ya NE555 na masharti ya pini 2

*"Wakuu, nimeunda saketi ya NE555 ipige baza sekunde 5 mlango wa duka ukifunguliwa. Rezista kilo-ohm 470, kapasita maikrofaradi 10, umeme volti 12. Swichi ni ile ya mlango wa friji, mlango ukifunguka inapeleka pini 2 kwenye hasi. Ukifungua na kufunga haraka inapiga kisha inanyamaza. Ukiuacha wazi haikomi mpaka ufunge. Halafu hizo sekunde 5 zinakaribia 7. Chipu mbovu?"*

Chipu yako ni nzima, mkuu, usiitupe. Inafanya kile ilichoundiwa, ila swichi inaiambia "anza" mfululizo na haiachii.

Tuanze na kinachotokea ndani. Saketi ikiwa imetulia, pini 7 imeibana kapasita kwenye hasi, haina chaji. Pini 2 ikishuka chini ya theluthi moja ya umeme, kwako ni volti 4, pini 3 inapanda, baza inalia, na pini 7 inaiachia kapasita ijae kupitia rezista. Pini 6 inaitazama ikijaa. Ikifika theluthi mbili, yaani volti 8, chipu inazima baza na kuimwaga kapasita. Muda wa kutoka sifuri hadi theluthi mbili ndio huu:

```
t = 1.1 × R × C
t = 1.1 × 470000 × 0.00001 = 5.17 s
```

Hiyo 1.1 ni logarithimu asilia ya 3, ambayo ni 1.0986. Kwa kuwa mipaka yote miwili ni sehemu ya umeme uleule, ukitumia volti 9 au 12 muda haubadiliki.

Sasa sharti ambalo michoro mingi ya mitandaoni hailitaji: amri ya pini 2 ina nguvu kuliko ya pini 6. Muda ukiisha huku pini 2 bado iko chini, chipu haizimi. Kapasita inaendelea kujaa kupita volti 8 kuelekea 12, na baza inalia tu. Ukifunga mlango pini 2 inapanda, na kwa kuwa pini 6 ilishapita mpaka zamani, baza inakatika papo hapo. Ndicho unachokiona. Kwa hiyo mpigo wa kuanzisha lazima ushuke chini ya theluthi, na lazima uishe kabla ya muda wa saketi wenyewe kuisha. Kuthibitisha, acha mlango wazi upime pini 2: utakuta sifuri imeganda.

Dawa ni kuweka kapasita kati ya swichi na pini 2, ili chipu ione ule mshtuko wa mlango kufunguka, isione mlango uliobaki wazi. Toka chanya leta rezista ya kilo-ohm 100 hadi kwenye waya wa swichi. Mguu wa pili wa swichi ubaki kwenye hasi. Kutoka waya huohuo wa swichi weka kapasita ya maikrofaradi 1 hadi pini 2, mguu wake wa chanya uelekee pini 2. Pini 2 yenyewe ivutwe kwenye chanya kwa kilo-ohm 10, na sambamba na hiyo weka dayodi 1N4148, upande wenye mstari uelekee chanya.

Mlango ukifunguka, pini 2 inaanguka karibu na sifuri, kisha kilo-ohm 10 inaipandisha tena. Inavuka volti 4 baada ya takriban 0.4 × R × C, hapa milisekunde 4. Chipu haihitaji hata hizo zote, na ikilinganishwa na sekunde 5 ni kama hakuna kitu. Mlango ukae wazi mpaka jioni, baza itanyamaza kwa wakati wake.

Wengi wataweka kilo-ohm 10 pande zote mbili na kapasita ndogo ya 103. Inafanya kazi mezani, lakini mlangoni inakuja na kituko kingine: baza inalia mlango ukifungwa pia. Niliiona kwenye duka la dawa ambapo mteja akiingia inalia, akitoka na kuvuta mlango inalia tena. Sababu ni kwamba vibati vya swichi havitengani mara moja, vinadundadunda kwa milisekunde chache. Vikiachana, waya wa swichi unapanda hadi volti 12 upesi, vikigusana tena unaanguka, na chipu inahesabu mlango mpya. Kwa kilo-ohm 100 na maikrofaradi 1, waya huo unahitaji zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde kupanda vya kutosha ili uweze kuishusha pini 2 chini ya 4. Mdundo unakuwa umekwisha zamani. Dayodi nayo ni kwa sababu mlango ukifungwa kapasita inaisukuma pini 2 juu ya chanya. Kwa thamani hizi ni volti moja na ushee, ila kwa zile za kilo-ohm 10 mbili inafika 6 za ziada, na pini haikuundiwa hilo.

Turudi kwenye sekunde 7. Kapasita za elektroliti huwa na asilimia 20 juu au chini, hiyo peke yake inaweza kukupa sekunde 6. Inayobaki naituhumu kuvuja. Pini 6 ikikaribia volti 8, mkondo unaopita kwenye kilo-ohm 470 ni maikroampea 8.5 tu. Kapasita ikivujisha 4 kati ya hizo, muda unatoka 5.2 na kwenda kama 6.6. Ikivujisha zote, haifiki 8 kamwe na baza haizimi hata mlango ukifungwa. Kama uliing'oa kwenye redio ya zamani, anza na hapo. Mimi ningetumia maikrofaradi 100 mpya, kilo-ohm 33 na VR ya kilo-ohm 50 zikifuatana, nikazungusha mpaka saa iseme 5. Kapasita kubwa inavuja zaidi, ni kweli, lakini mkondo wa kuijaza nao unakuwa karibu mara kumi, kwa hiyo uvujaji hauumi sana.

Tahadhari unapochunguza: usipime pini 6 kwa mita yoyote ukaamini. Zile mita ndogo za dijitali za bei rahisi nyingi zina mega-ohm 1 ndani. Ukiiweka sambamba na kapasita yako, volti zinaishia 8.16, zinapita mpaka kwa taabu, na sekunde 5 zinageuka zaidi ya 12. Mita ya mshale ya kilo-ohm 20 kwa volti, ukiiweka kwenye 10, inaizuia isipite hata 4. Utabadilisha chipu tatu bure. Pima pini 3 na saa mkononi.

Pini 4 iunge kwenye chanya na pini 5 kwenye hasi kupitia kapasita ya 103. Weka pia 104 karibu kabisa na pini 8 na 1, kwa sababu NE555 hunyonya umeme kwa mshtuko inapogeuka. Kama waya wa mlangoni ni mrefu na baza inajilialia friji ya soda ikiwaka, uweke mbali na waya za umeme mkubwa, na ile kilo-ohm 100 uishushe hadi 47 huku kapasita ukiipandisha hadi 2.2.