Shochu ya mchele si vodka iliyopunguzwa makali

"Wakuu, nimeletewa shochu ya mchele kutoka Japani, imeandikwa 25%. Nimeilaza kwenye friza kama vodka, nikanywa kwa glasi ndogo, nikaona ni kama maji tu. Imechakachuliwa, au ndivyo ilivyo?"

Sidhani kama imechakachuliwa. Friza ndiyo iliyoifunga harufu, na kinywaji hiki karibu chote ni harufu. Nilisoma miaka miwili Kumamoto, mkoa wenye bonde la Hitoyoshi linalotoa shochu ya mchele iitwayo Kuma, nami nilianza kwa kosa hilohilo.

Vodka hukenekwa hadi alkoholi ikaribie kuwa tupu, kisha huongezwa maji hadi kufikia takriban 40%, kwa hiyo nafaka iliyotumika huacha alama ndogo sana. Baridi kali huifaa, kwa kuwa hupunguza mwako wake na kuifanya iteleze kooni. Shochu ya jadi, ambayo lebo yake huwa na neno honkaku, huchachushwa kwa msaada wa koji, ukungu unaogeuza wanga wa mchele kuwa sukari, na kukenekwa mara moja tu, ndiyo maana harufu ya mchele hubaki. Ikiwa imechemshwa kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, utakuta harufu nzito inayokaribia ukoko wa wali. Ikiwa mgandamizo ulipunguzwa ili ichemke kwa joto dogo, itakuwa nyepesi, yenye harufu ya matunda kama tikiti au ndizi.

Mwenyeji wangu alinifundisha kuinywa kwa maji ya moto, sehemu sita za shochu kwa nne za maji. Kwa chupa yako, mililita 60 za shochu na 40 za maji hukupa kinywaji cha 15%, kiasi kinachokaribiana na divai, kinachofaa kunywewa taratibu pamoja na chakula. Tangulia kumimina maji, kisha shochu, kwa sababu shochu ya baridi hushuka na maji ya moto hupanda, vikachanganyika bila kukorogwa. Siku ya kwanza nilitumia maji yaliyokuwa yakitokota. Nilipoinamia kikombe, mvuke wa alkoholi ulinichoma pua hadi nikatokwa machozi, na harufu ya mchele sikuisikia kabisa. Tangu hapo huyaacha maji yapoe hadi nyuzi 70 hivi.

Kwa joto la kwetu Dar, usiku mimi huichanganya na maji ya kunywa kwa kipimo hichohicho, nikaiweka kwenye friji, si friza, nikainywa kesho yake bila barafu. Soda na juisi ya chungwa waachie vodka, isiyo na harufu ya kupoteza. Ukijaribu kuipunguza vodka hadi 15% kwa maji matupu, ndipo utakapopata hayo maji yenye kilevi unayoyalalamikia.

Soju ya Kikorea ya chupa za kijani ni jambo jingine: nyingi ni alkoholi iliyosafishwa, ikaongezwa maji na utamu, kwa hiyo soju hunywewa baridi bila hasara.