Wageni wa gridi, angalieni ncha za njia

Wiki hii nimepitia kazi tatu za wageni wetu, na zote zina kosa ambalo mimi nililifanya kabla yao. Kaeni niwasimulie, wadogo zangu, maana kulirudia kimyakimya nimechoka.

1. Laplasiani ya gridi hujengwa kwa Laplasiani za njia mbili, `L_m` ya vipeo m na `L_n` ya vipeo n, nayo ni jumla, si zao: `L_m ⊗ I_n + I_m ⊗ L_n`. Ukiandika `L_m ⊗ L_n` utapata thamani aigeni za sifuri m + n − 1, na gridi iliyoungana ina moja tu.

2. Hili ndilo lililonitoa jasho. Niliijaza `L_n` kwa mkono: 2 kwenye ulalo wote, −1 kando yake. Kumbe vipeo viwili vya mwisho vya njia vina jirani mmoja mmoja, kwa hiyo hapo hukaa 1. Gridi yangu ilikuwa 100 kwa 100, na thamani aigeni ndogo kabisa ikatoka 0.0019. Nikasema ni makadirio ya desimali ya kompyuta, nikaifuta na kuandika 0 kwa mkono wangu mwenyewe. Chekeni tu. Makadirio ya desimali hayafiki tarakimu ya tatu! Ile 0.0019 lilikuwa jibu sahihi la swali jingine, la gridi ya njia mbili ambazo ncha zake zimefungwa kwenye sifuri, kila njia ikiwa na thamani 2 − 2cos(πk/(n+1)), k kuanzia 1 hadi n. Njia yetu ina 2 − 2cos(πk/n), k kuanzia 0 hadi n − 1.

Aliyeniumbua ni mwenzangu aliyejumlisha ulalo bila hata kukaa. Akapata 40000. Gridi ile ina viungo 19800, na kila kiungo huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo ilitakiwa 39600. Zile 400 za ziada ni pande nne zenye vipeo 100 kila mmoja, jirani mmoja wa kubuni kwa kila kipeo cha upande, na kona zikipewa wawili.

Tangu hapo naanza na gridi ya 3 kwa 2. Njia ya 3 ina 0, 1, 3; njia ya 2 ina 0, 2. Jumlisha kila moja na kila moja: 0, 1, 3, 2, 3, 5. Jumla yake 14, viungo 7. Yangu ya zamani ingeanzia karibu 1.59, na hapo nisingepata pa kujificha.

3. Mpangilio wa `kron`. Ukibadilisha zamu, thamani hazibadiliki, ndiyo maana hamlioni kosa. Vekta aigeni ndizo huvurugika zikirudishwa kuwa gridi:

```python
L = np.kron(Lm, np.eye(n)) + np.kron(np.eye(m), Ln)
v.reshape(m, n)
```

Kuna mmoja wenu aliandika `reshape(n, m)`, akaja kunionyesha mawimbi yaliyopinda akidhani amegundua kitu.