Picha za majani ya muhogo: tenga mashamba, usitenge picha

Wewe unayeanza kufundisha modeli ya kutambua magonjwa ya mazao kwa picha chache, nianze na kosa lililonigharimu msimu mzima, kwa sababu ndilo ninaloliona kwa karibu kila anayeanza.

Tulikuwa na mashamba matatu ya muhogo wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani. Tulitaka modeli itenganishe majani ya aina tatu: yenye batobato, yenye michirizi ya kahawia, na mazima. Tulichagua mashina 30, kila shina tukalipiga picha 8 kwa simu, jumla picha 240. Nikazichanganya zote kwenye kompyuta, nikatenga 48 za majaribio, nikaifundisha modeli kwa zilizobaki. Ikapata 46 kati ya 48. Nilifurahi mno.

Wiki mbili baadaye tukaenda shamba la nne. Tukapiga picha 60, 20 za kila aina. Modeli ikapata 33. Batobato ilipata 17, mazima 10, michirizi 6 tu.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa batili. Kila shina lilikuwa na picha 8, nami nilizigawa bila kuangalia zimetoka shina gani. Kwa hiyo karibu kila shina lililokuwa kwenye majaribio lilikuwa pia kwenye mafunzo, kwa picha nyingine iliyopigwa sekunde chache kabla. Modeli haikuulizwa kama inaujua ugonjwa. Iliulizwa kama inalikumbuka shina lile, udongo ule na mwanga ule.

Na kulikuwa na jambo la pili. Majani yenye michirizi tuliyapiga asubuhi, tukiwa tumeyashika kwa mkono ili mishipa ionekane vizuri. Majani mazima tuliyapiga mchana, hatukuyashika. Ili kuhakikisha, nilichukua picha za majaribio nikalifunika jani kwa mraba wa kijivu, nikaacha kingo tu, kisha nikaipa modeli. Bado ilitaja aina sahihi mara nyingi mno kuliko kubahatisha, ambako kwa aina tatu kungepata kama theluthi moja. Ilikuwa inasoma vidole vyangu na kivuli cha asubuhi. Fanya jaribio hili kabla hujamwonyesha mtu matokeo yako. Ni kazi ya nusu saa.

Tatizo hili halikuanza na sisi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia picha zaidi ya elfu 54 za mkusanyiko wa PlantVillage, ambazo ni za majani yaliyochumwa na kuwekwa juu ya kitu cha rangi moja, walipata usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Walipoijaribu modeli kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi asilimia 31 hivi. Mwaka 2022 mtafiti mwingine alichukua nukta 8 tu za nyuma ya jani katika picha hizohizo, bila jani lenyewe, na modeli ikataja aina sahihi kwa asilimia 49, kati ya aina 38.

Basi tulirudi shambani. Safari hii tulikwenda mashamba 6, mashina 120, picha 2 tu kwa kila shina. Jumla ni ileile, 240, lakini ndani yake mna mambo mengi zaidi. Kila shamba lilipigwa picha za aina zote tatu, kwa saa ileile na kwa mkono uleule. Tuliangalia pia aina ya mbegu: kama michirizi yote ingetoka kwenye Kiroba na majani mazima yote kwenye mbegu nyingine, modeli ingejifunza umbo la jani la Kiroba. Kisha kila picha ikaandikwa jina la shamba lake, na ugawaji ukafuata shamba:

```python
from sklearn.model_selection import LeaveOneGroupOut
for tr, te in LeaveOneGroupOut().split(picha, lebo, groups=shamba):
    fundisha(tr); pima(te)
```

Hapo unapata duru 6. Katika kila duru, shamba moja halijaonwa kabisa na modeli. Ukiona shamba moja limeanguka peke yake, nenda kaangalie picha zake. Kwetu lilikuwa ni shamba lililopigwa picha baada ya mvua, majani yanang'aa.

Sasa mafunzo yenyewe. Nilitumia MobileNetV2, iliyokwisha kufundishwa kwa picha za ImageNet. Sehemu yake ya kutambua maumbo ina namba milioni 2.2 hivi, na hizo tunazigandisha. Tunabadilisha tabaka la mwisho tu:

```python
from torch import nn
from torchvision.models import mobilenet_v2
m = mobilenet_v2(weights="IMAGENET1K_V1")
for p in m.parameters():
    p.requires_grad = False
m.classifier[1] = nn.Linear(1280, 3)
m.train(); m.features.eval()
```

Tabaka hilo jipya lina namba 3,843 za kujifunza, ndiyo maana picha 240 zinaweza kutosha. Mstari wa mwisho usiuache. Ndani ya modeli mna matabaka ya BatchNorm yanayohifadhi wastani wa picha yanazopitisha, na wastani huo hubadilika hata ukiwa umegandisha namba zote, iwapo modeli iko katika hali ya mafunzo. Dalili yake ni matokeo yanayoruka huku na huku kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Rudia mstari huo mwanzoni mwa kila mzunguko. Tabaka jipya likishatulia, unaweza kufungua matabaka machache ya mwisho kwa kasi ya kujifunza iliyo ndogo sana, kama 1e-5. Kwetu faida ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Michirizi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Batobato hulikunja jani na kulipaka mabaka, hata kwa mbali unaiona. Michirizi haibadilishi umbo la jani. Ni umanjano unaofuata mishipa midogo, mara nyingi kwenye majani ya chini yaliyokomaa. Picha ya simu yenye upana wa nukta 4,000 ikishapunguzwa kuwa 224, umanjano huo hupotea. Kwa hiyo kata picha kwanza, jani moja lijaze fremu. Katika kuzigeuzageuza picha za mafunzo, pindua na zungusha upendavyo, badilisha mwanga kidogo, lakini usiguse rangi, maana rangi ndiyo ugonjwa wenyewe. Na ukitumia `RandomResizedCrop`, weka `scale=(0.7, 1.0)`. Thamani yake ya kawaida huanzia 0.08, inaweza kukuachia kipande kisicho na dalili yoyote, kutoka kwenye jani lenye lebo ya ugonjwa.

Tulipoijaribu kwenye shamba la saba, picha 60 tena, ilipata 51: batobato 19, mazima 17, michirizi 15. Ukiripoti 15 kati ya 20, taja na hiyo 20, kwa sababu picha moja tu huisogeza hesabu kwa asilimia 5.

Kuna mahali modeli hii haifiki. Shina linaweza kuwa na michirizi bila jani kuonyesha dalili ya wazi, huku mizizi ikioza kwa madoa ya kahawia chini ya ardhi. Kwa hiyo kwenye jibu la modeli linaloonekana kwenye simu hatukuandika "zima", tuliandika "hakuna dalili kwenye jani hili". Anayetaka kukata pingili za kupanda msimu ujao bado anang'oa mashina machache, anakata mizizi vipande, anaangalia ndani.