Ulimbo wa fenesi bichi hautoki kwa maji

Dada mmoja wa Igoma ameniandikia kwamba amepika fenesi bichi kwa mara ya kwanza, watoto wamelila likaisha, lakini kisu chake kimebaki na gundi ya kahawia. Amejaribu maji ya moto, sabuni na waya wa kusugulia, yote bila mafanikio. Namjibu hapa kwa sababu wengi wanaoliacha fenesi hawashindwi na mapishi. Wanashindwa na kisu.

Ule utomvu mweupe ni ulimbo, wa jamii moja na utomvu wa mpira. Hauyeyuki kwenye maji. Ukiumwagia maji unaganda na kuvutika nyuzinyuzi, na waya unausambaza tu kwenye kisu kizima. Kinachoulegeza ni mafuta. Kwa hiyo kabla hujagusa fenesi, paka mafuta ya kula kwenye kisu pande zote mbili hadi mpini, kwenye viganja na katikati ya vidole, na juu ya ubao. Vijiko viwili vinatosha. Tandika magazeti ya zamani, vaa kanga usiyoionea uchungu, maana kwenye nguo ulimbo ukikauka umekauka.

Fenesi lenyewe usilitafute kwenye meza za matunda pale Kirumba, kwani yale yamekomazwa ili yaive. Zungumza na mwenye mti akuangulie changa, la kilo mbili au tatu, la kijani, miiba imebanana, na ukiligonga linatoa mlio mzito kama umegonga gogo. Likilia kama ngoma, au likianza kunukia, umechelewa: sukari imeshaingia, na mchuzi wako utakuwa mtamu kama uji.

Kata kikonyo kwanza, kisha lisimamishe kichwa chini juu ya gazeti kwa nusu saa. Ulimbo mwingi utachuruzika wenyewe. Ndipo ulikate mapande ya mviringo yenye unene wa vidole viwili. Kila baada ya pande, futa ulimbo unaochomoza kwa gazeti kavu, futa na kisu, ukipake mafuta tena. Wengi huruka hatua hii kwa kuona inawachelewesha, wakifika pande la nne kisu kinanata na kugoma. Menya ganda la miiba, toa moyo wa katikati kama ni mgumu. Mbegu laini zinazokatika na kisu ziache. Zilizoanza kuvaa ngozi ngumu zitoe uzichemshe peke yake. Vipande vitumbukize kwenye maji yenye chumvi na ndimu, la sivyo vitageuka vyeusi.

Sasa chemsha kwa sufuria kuukuu. Ipake mafuta kuta zake za ndani, hasa pale maji yatakapoishia, kwa sababu ulimbo uliobaki huelea na kung'ang'ania pale. Tia chumvi, manjano kijiko kidogo na mafuta kijiko kimoja. Baada ya dakika 20 anza kuchoma na uma: ukiingia bila nguvu lakini kipande hakivunjiki, epua. Ukizidisha, nyuzi zinasambaratika na huna tena kitu cha kutafuna.

Mwaga maji, acha vipoe, kisha vikamue kwa mikono kama unavyokamua nazi. Hapa ndipo fenesi linapokuwa nyama au linapobaki boga. Kipande chenye maji ndani hakikaangiki. Kinachemka kwenye mafuta, hakipati rangi wala hakinywi mchuzi. Kikikamuliwa, kichambue nyuzi kwa vidole, kaanga kwa mafuta vijiko vinne hadi kingo ziwe kahawia, weka pembeni. Unga vitunguu viwili, saumu, tangawizi na nyanya nne mpaka mafuta yajitenge, ndipo urudishe fenesi, lipike dakika 10 tu. Fenesi la kilo tatu, karibu nusu yake ikienda na ganda na moyo, linatosha watu watano kwa ugali.

Lakini linafanana na nyama mdomoni tu. Protini yake ni ndogo, kwa hiyo usimlishe mtoto hilo peke yake. Weka maharage pembeni, au unga karanga kwenye mchuzi, au dagaa wetu wa ziwani.

Na kisu chako, dada. Kiache kikauke kabisa. Kipitishe juu ya moto wa mkaa sekunde chache, kipate uvuguvugu tu, maana moto mkali unaua makali. Paka mafuta ya kutosha, subiri dakika 10, kisha futa kwa gazeti kavu kuanzia upande wa mgongo wa kisu. Ulimbo utajikunja vipira vipira na kutoka. Rudia pale palipobaki. Sabuni inakuja mwisho, kuondoa mafuta. Na usitumie mafuta ya taa: yanatoa ulimbo kweli, lakini harufu yake inajificha kwenye mpini wa mbao na utaikuta kwenye kachumbari ya kesho.